Kichwa cha Mti kwenye Rafu ya Uganga

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Kilwa kungoja matokeo, na mama hakupenda kuniona nimekaa. Alisema msichana anayeinamia daftari mchana kutwa mwisho wake ni kuongea peke yake. Nilikuwa naandika kila siku, mambo madogo madogo: nani kapita, nani kasema nini, samaki bei gani. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kuongea. Mgeni akija nyumbani nilikuwa naamkia, naitikiwa, basi, maneno yananiishia.

Ndipo mama akanipeleka kwa mhifadhi wa chumba cha makumbusho, kwenye lile jengo la serikali la zamani ambalo kuta zake ni nene kama za ngome. Walikuwa wanafahamiana kupitia kwa marehemu baba.

"Mshahara sina," mhifadhi alisema kabla hata hatujaketi.

"Sikuja kuuza, Mzee," mama akajibu. "Nimekuja kumtoa ndani."

Basi nikawa mtu wa kujitolea. Mimi na mhifadhi tu, na popo darini. Kulikuwa na meza mbili, makabati matatu ya vioo, rafu za mbao ukutani, na stoo iliyonuka dawa ya mchwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili daftari la mapokezi, kwa sababu kurasa za zamani zilikuwa zimeliwa na mende. Kila kitu kinachoingia hupewa namba. Namba huandikwa kwa wino mdogo mahali pasipoonekana, na kabla ya wino hupakwa kwanza ile rangi ya kucha isiyo na rangi, ili siku ukitaka kuifuta usikiumize kitu chenyewe. Halafu kwenye daftari unaandika kimetoka wapi, kimetolewa na nani, kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani na kilikuwa kinatumika vipi. Mhifadhi alikuwa na msemo wake: "Kitu bila karatasi yake ni kuni."

Nilikutana na kuni ya kwanza ndani ya pakacha moja kule stoo. Kulikuwa na vyungu viwili, kata ya kuchotea maji, na kipande cha mti cha urefu wa kiganja. Juu kimechongwa kichwa cha mtu: macho mawili yamefumba, mdomo mdogo, nywele zimechorwa kwa mistari. Chini ya shingo hakuna mikono wala miguu. Mti unashuka ukichongoka kama karoti, na karibu na katikati unazungukwa na mstari mweusi kama pete. Uzi wa lebo ulikuwapo shingoni, lebo yenyewe hakuna. Kwenye daftari aliyepokea aliandika tu: vyungu, kata, kichwa cha mti, na jina la bibi mmoja wa Mitole.

Nilikipeleka mezani. Mhifadhi akavaa miwani.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Mwanasesere?"

"Sijakuuliza ni nini. Unaona nini?"

Nikamwambia naona kichwa, naona weusi chini, naona pete. Akasema sasa hapo tunaongea. Akakipima, akakichora pande zote, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka mafuta yaliyochacha, kwa mbali sana. Akasema mti ni mkongo. Kisha akasema kinaweza kuwa mwanasesere, ingawa mwanasesere hachongoki hivi. Kinaweza kuwa kitu cha unyago. Hapo akaniangalia kidogo, akauliza kama nimewahi kuona chochote cha namna hii. Nikatazama meza. Nikasema sijaona, na ilikuwa kweli, nikashukuru kwamba ilikuwa kweli maana sikuhitaji kuongeza neno.

"Au ni kizibo," akasema. "Na kama ni kizibo, waganga ndio waliopenda kuziba tunguri zao kwa vichwa."

Tunguri ni kile kibuyu cha mganga cha kutilia dawa. Akachukua kadi ndogo, akaandika kwa penseli "Uganga" na alama ya kuuliza mbele yake, akaiweka pamoja na kile kichwa kwenye rafu iliyokuwa na pembe, vibuyu na kitu kama mkia wa ng'ombe. Akasema ni kwa muda tu, mpaka tupate la uhakika. Siku zile tulikuwa tunajiandaa. Wakubwa kutoka Dar walikuwa waje msimu wa korosho ukiisha, wapitishe kila kadi kabla vitu havijahamia kwenye makabati mapya.

Watu hawaoni alama ya kuuliza. Hilo nimejifunza mimi mwenyewe.

Aliyeiona kadi alikuwa mpwa wake yule bibi wa Mitole, kijana aliyekuwa utingo wa lori la korosho. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wameanza kuruhusiwa, malori yalikuwa yanaingia hadi vijijini ndani. Ndiye aliyelileta lile pakacha mwanzoni, na lori likisimama mjini alipenda kupita kuangalia vitu vya shangazi yake vinaendeleaje, kama mtu anayemtembelea mgonjwa wodini. Siku hiyo aliingia, akasimama mbele ya rafu, akaacha kutafuna muwa.

"Dada karani," akaniita. "Hapa mmeandika nini?"

"Ni kwa muda tu," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Sijauliza ni kwa muda gani. Hapa mmeandika uganga."

Akaondoka. Lori liliporudi tena kutoka ndani alikuja moja kwa moja hadi mezani kwa mhifadhi na hakukaa.

"Shikamoo, Mzee. Shangazi anasema hivi, na kanikaririsha, msinikate. Anasema mama yake alihama kijiji kwa sababu ya neno hilo. Alihama na mkeka na watoto. Hakuwapa vitu vya mama yake ili mje mmbandike neno lile lile akiwa kaburini. Ama liondoke, ama vitu vyake vyote virudi Mitole kwenye lori hili hili."

"Mwambie nimesikia," mhifadhi akasema. "Na mwulize, kile kitu ni nini?"

"Kizibo cha kibuyu."

"Tunguri nayo ni kibuyu."

Kijana akashusha pumzi. "Mimi ni mtu wa lori, Mzee. Kibuyu kipo nyumbani, wanakitumia kwa mambo yao ya kina mama. Mdomo ulimeguka, kizibo kikawa kinavujisha, sasa wanaziba kwa gunzi. Shangazi akasema wapelekee watu wa makumbusho, wale wanapenda vitu vyenye sura."

"Basi kilete hicho kibuyu."

"Hakitoki. Nilishamwambia, kasema kinatumika. Na kwa barabara ile, kikitoka kitafika vipande."

Mhifadhi akamwomba amsihi shangazi yake asubiri hadi msimu uishe. Kijana akasema atasihi, ila yeye haahidi kitu.

Alipotoka nilimwuliza mhifadhi kwa nini tusiandike tu chombo cha nyumbani. Nilishangaa kuisikia sauti yangu ikiuliza. Alinijibu bila hasira. Akasema mtu akikasirika tukabadilisha, kesho atakuja mwingine aliyekasirika kwa namna nyingine tutabadilisha tena, na mwishowe kadi zetu zitakuwa zinasema nani ana sauti kubwa, si vitu vilikuwa nini. "Na nikiandika uganga wakati haukuwa uganga," akasema, "nitakuwa nimemtukana mtu asiyeweza kunijibu. Sitaki vyote viwili." Kwenda Mitole hakuweza. Gari la ofisi lilikuwa limekaa juu ya magogo tangu kabla sijaja, halina magurudumu.

Ndipo ikaja fikra ya picha. Kibuyu kikipigwa picha vizuri, ukubwa wa mdomo wake ukaonekana, mahali kinapowekwa pakaonekana, na namna kinavyoshikwa, tungeweza kukiainisha kichwa chetu tukiwa hapa hapa mezani. Mhifadhi akanisomea barua, mimi nikaandika, yeye akasaini na kupiga muhuri. Ilikuwa barua nzuri ya kiofisi. Ilisema: "Ofisi inakuomba uwasilishe picha zitakazowezesha wataalamu kukiainisha kifaa husika kilichopokelewa bila lebo." Nilijivunia hata mwandiko.

Majibu yalikuja na lori. Bahasha ilikuwa nzito kidogo, mhifadhi akaifungua mbele yangu na utingo. Zikadondoka picha ndogo ndogo za pasipoti. Bibi mmoja amevaa mtandio mweupe anatazama mbele kama anaapishwa. Zilikuwa mbili zake. Halafu mbili za mzee mwenye baraghashia, na mbili za mama mwingine mnene ambaye alikuwa karibu kucheka.

Tukatazamana.

"Huyu ni shangazi," utingo akaeleza. "Hawa ni majirani. Walikuwapo wakati wa mama yake, ni mashahidi. Walikwenda hadi Nangurukuru kupiga. Shangazi anasema kama ni kiapo yuko tayari, aambiwe tarehe tu."

Mhifadhi akacheka mpaka akavua miwani. Utingo naye akacheka, nami nikacheka, ila nilijisikia vibaya pia. Watu watatu wamevaa nguo za sikukuu, wamesafiri, wamekaa kwenye kiti cha studio wakijua wanakwenda kumtetea marehemu. Na walikuwa na haki. Ukipata bahasha yenye muhuri wa serikali inayodai picha, utawaza nini kingine? Kila ofisi inayotaka picha inataka hiyo hiyo, ya kichwa na mabega. Barua yetu haikuwa na neno kibuyu hata mara moja.

"Andika nyingine," mhifadhi akaniambia. "Safari hii sikusomei. Andika kama unavyoandika kwenye hilo daftari lako unalolificha chini ya meza."

Sikujua kama anajua. Nikainama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi.

Ila alinipa sharti moja. Nisiweke jibu ndani ya swali. "Ukimwuliza kibuyu ni cha mafuta, atasema ndiyo. Ukimwuliza ni cha dawa, atakasirika. Mwambie akuonyeshe. Basi."

Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nakala ya mwisho ninayo. Hii hapa, nimeondoa majina tu:

"Bibi, shikamoo. Mimi ni msichana ninayejitolea kwenye makumbusho, ndiye niliyeandika ile barua ya kwanza. Picha zenu tumezipokea, mmependeza, na tutazirudisha. Kosa ni letu, hatukueleza. Hatutaki kiapo wala picha za watu. Tunaomba picha za kibuyu, kile ambacho kile kichwa cha mti kilikuwa kizibo chake.

Tunajua kadi yetu imekuuma. Mhifadhi anasema ile ni ya muda, na mimi niliona kwa macho yangu ameandika kwa penseli. Lakini hawezi kuibadilisha bila kuona.

Mpiga picha wa baiskeli akipita huko msimu huu, naomba mfanye hivi. Kibuyu msikioshe wala msikifute, kiwe kama kilivyo. Mkitoe nje asubuhi jua likiwa bado dogo, saa sita mchana kivuli kinaficha mdomo. Tafuta rula ya mtoto wa shule. Picha moja apige akitazama kutoka juu, ya mdomo wa kibuyu, na rula ilazwe juu ya mdomo wenyewe. Rula ikiwekwa mbali, mbele au nyuma, vipimo vitatudanganya. Nyingine apige kwa ubavuni, kibuyu chote kionekane hadi chini. Nyingine kiwe mahali pake kinapokaa siku zote, ndani ya nyumba, msipange chochote. Ya mwisho, Bibi, ni wewe ukikishika kama mama yako alivyokuwa akikishika, ukifanya alichokuwa akifanya.

Nyuma ya kila picha mtoto aandike kwa penseli ni picha ya nini. Kwa kalamu ya wino asiandike, wino utapenya. Wasalaam."

Mhifadhi aliisoma, akarudia kuisoma, akapiga muhuri. Hakusema kitu. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba hakusema kitu.

Tulisubiri sana. Wapiga picha wa baiskeli walikuwa wanafuata korosho, kwa sababu watu wakiuza ndipo wanapotaka picha. Huzunguka vijijini na begi lenye kamera na ua la plastiki, kisha hupeleka filamu mjini kusafishwa, wakarudi na picha wiki nyingine wanayoijua wao. Kila lori liliposimama nilinyanyua shingo. Utingo alikuwa ananitania. "Bado, dada karani. Kibuyu kimekwenda saluni kwanza." Siku nyingine akasema shangazi yake kasikia wageni wa Dar wanakaribia, na ameshaliandaa pakacha la kurudishia vyungu. Hilo halikuwa utani.

Nilijikuta nakiwaza kile kichwa hata nikiwa nyumbani napepeta mchele. Kwa nini macho yamefumba? Mtu anachonga kizibo, kazi yake kuziba tu, halafu anakaa chini kukichonga nywele, mstari kwa mstari. Nilimwuliza mama. Akasema labda aliyechonga hakuwa na kazi, kama mimi.

Picha zilikuja wakati korosho zimeanza kwisha. Zilikuwa za rangi. Mhifadhi alizipanga mezani na sote tukainama, hata utingo.

Ya kwanza ilinichekesha. Kibuyu kimewekwa juu ya kiti, kiti kimetandikwa khanga, na ua la plastiki la mpiga picha pembeni. Mtoto wa kike amesimama wima nyuma ya kiti, ameishika rula kama bendera. Mhifadhi akaiweka kando. Rula ikiwa nyuma ya kitu huonekana fupi kuliko ilivyo, na kitu huonekana kikubwa, basi haifai kwa kupimia. Lakini ya pili ilikuwa kama nilivyoomba. Mdomo wa kibuyu kutoka juu, umemeguka upande mmoja, na rula imelazwa juu yake kwenye upande ulio mzima. Alama za rula zilisomeka.

Mhifadhi akachukua bikari. Akapima mdomo kwenye picha, akalinganisha na rula ya kwenye picha hiyo hiyo, akaandika hesabu pembeni. Kisha akachora duara kwenye kipande cha manila kwa ukubwa aliopata, akalikata kwa wembe taratibu hadi ikawa tundu.

"Lete kichwa," akaniambia.

Nilikitoa kwenye rafu. Akanionyesha kwa kidevu kwamba niingize mwenyewe. Nikakishusha ndani ya lile tundu la manila, kikaenda, kikaenda, kikakwama. Tukageuza kuangalia chini. Kilikuwa kimekwama pale pale kwenye ile pete nyeusi.

"Eeh," utingo akasema. "Kumbe."

"Subiri," mhifadhi akasema. "Hii inatuambia ni kizibo cha kibuyu hiki. Haijatuambia kibuyu ni cha nini." Halafu akaweka kidole kwenye picha. "Na hiki?"

Shingoni mwa kibuyu kulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa mafundo. Kipo kwenye kila picha. Utingo akageuka kuitazama rafu, mimi nikaelewa kwa nini. Vibuyu kwenye rafu ya uganga, vingi vina kitambaa, na rangi ni hizo hizo, nyekundu, nyeusi au nyeupe. Nilikuwa nimeomba picha zimtoe mtu matatani, nazo zinamsogeza.

Ya tatu ilikuwa ya bibi mwenyewe. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na juu ya miguu yake amelazwa mtoto mchanga, uchi, anamtazama. Bibi ameinamisha kibuyu kwenye kiganja cha kushoto. Nyuma ya picha kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto wa shule: "Mafuta ya ufuta. Anamkanda mtoto. Mama yake Bibi alikuwa mkunga. Kitambaa alifunga ili kisichanganywe na kibuyu cha mafuta ya kula."

"Haya, si imekwisha?" utingo akasema.

Mhifadhi akatikisa kichwa. Alisema picha hii ni nzuri na anaiamini, ila imepangwa, na mtu anaweza kupanga akitakacho. Akachukua ya mwisho, ambayo hatukuwa tumeitazama sana kwa sababu ilikuwa na giza. Ni ya ndani. Ukuta wa udongo, kibuyu kinaning'inia kwenye msumari. Chini yake kuna ubao wa rafu, na juu ya ubao sanduku dogo la bati limejaa vumbi.

Akaisogeza dirishani. Akaniita.

"Unaona nini?"

Safari hii nilijua namna ya kujibu. Nikasema naona sanduku la bati jeupe, kifuniko kina alama iliyofutika, na vumbi halijaguswa, kwa hiyo sanduku halikuwekwa pale kwa ajili ya picha. Naona mafuta yamechuruzika ukutani kutoka kwenye kibuyu hadi juu ya sanduku, yamefanya mstari mweusi. Vimekaa pamoja muda mrefu.

"Masanduku haya," mhifadhi akasema polepole, "walikuwa wanapewa wakunga wa jadi waliokwenda mafunzo ya hospitali. Wembe, uzi, sabuni. Shemeji yangu alikuwa nalo, lile lile."

Hakuna aliyetuambia tuangalie lile sanduku. Bibi mwenyewe hakuliandika nyuma ya picha.

Mhifadhi akafuta kwenye kadi ile ya penseli, akaandika upya kwa wino. Chombo cha nyumbani, malezi ya watoto. Kizibo cha kibuyu cha mafuta. Kilitumiwa na mkunga wa Mitole, kwa maelezo ya binti yake na kwa picha. Nikamwona amesita, akaongeza mstari: sababu ya kitambaa chekundu ni kwa maelezo ya mtoaji, haijathibitishwa. Nikamwambia mstari huo utamuumiza bibi. Akasema huenda, lakini bila huo sisi tutakuwa tunasema zaidi ya tunachojua. Nilihamishia kile kichwa kwenye rafu ya vyombo, kati ya mbuzi ya kukunia nazi na kitanda kidogo cha mtoto. Wakubwa wa Dar walikuja, wakapita, wakasaini kadi zote bila kukaa sana. Mmoja aliuliza choo kiko wapi.

Bibi alikuja baada ya hapo, na lori, amekaa mbele na dereva. Nilimtambua kwa picha ya pasipoti. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Wewe ndiye wa rula?" Nikasema ni mimi. Mhifadhi alikuwa amekwenda benki, na chumbani walikuwamo wageni wawili wanaume waliokuwa wakitazama sarafu za zamani.

Nilimpeleka hadi kwenye rafu. Alikitazama kile kichwa bila kukigusa.

"Sikusoma," akasema. "Nisomee."

Nilianza kwa sauti ndogo. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Wale wanaume wakageuka. Nikapandisha sauti, uso unawaka, nikasoma chombo cha nyumbani, nikasoma malezi ya watoto, nikasoma mkunga wa Mitole. Nilipofika mstari wa kitambaa nilitaka kuuruka. Sikuuruka.

Bibi alishusha mkono kutoka sikioni. Kisha akasema, si kwa hasira, "Haijathibitishwa maana yake nini?"

"Maana yake tumeandika ulivyosema, Bibi, ila hatuna namna nyingine ya kujua."

"Hata mimi sina," akasema. "Kile kitambaa sikumwuliza. Niliona tu anafunga. Mtoto alikufa mikononi mwake, mmoja, kati ya wote aliowapokea, na baada ya hapo ndipo alipofunga. Mkaleta barua mnataka kujua, nikasema la mafuta ya kula, ili mmalize." Akanitazama. "Sasa mtaliandika lile neno tena?"

Nilimwambia nitamweleza mhifadhi, kwa sababu lazima. Nadhani ataandika haijulikani. Lakini sanduku la bati liko pale ukutani, na mafuta yamechuruzika, na tundu limekubali pete. Uganga haupo kwenye hayo. Nilisema yote hayo kwa mfululizo, mbele ya wale wanaume, na nilipomaliza nilikuwa nimeshika ukingo wa rafu.

"Kwa hiyo neno lile halipo."

"Halipo, Bibi."

Alivuta kiti cha mhifadhi, akakaa, akatengeneza mtandio wake.

"Nisomee tena," akasema. "Anzia pale pa mkunga."